Farasi, Breki na Kilowati: Namba za Nguvu ya Injini na Jinsi ya Kuzisoma

Injini ya Toyota ya lita 1.5 inayojulikana kwa mafundi kama 1NZ-FE, ile iliyofungwa kwenye IST na Probox nyingi zinazotembea Dar es Salaam na Nairobi, ina namba tatu za nguvu. Katalogi ya Japani huandika kilowati 80, kisha pembeni huweka 109 PS. Mtu akiichukua injini hiyohiyo na kuieleza kwa farasi wa Kiingereza, atapata takribani 107 bhp. Hakuna injini iliyo kali kuliko nyingine kati ya hizo tatu. Ni injini moja, imepimwa mara moja, na nguvu yake imetajwa kwa vizio vitatu.

Lakini kuna tofauti za namna nyingine. Mwaka 1971 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitaja injini yake kubwa ya lita 8.2 kuwa na nguvu farasi 365. Mwaka 1972 injini hiyo ikaandikwa 235. Hapa kizio hakikubadilika hata kidogo. Farasi ni yuleyule. Kilichobadilika ni vitu ambavyo injini ilibebeshwa wakati wa kupimwa.

Kwa hiyo namba yoyote ya nguvu ya injini huulizwa maswali mawili. La kwanza ni kizio kilichotumika: farasi wa kimetriki, farasi wa Kiingereza au kilowati. La pili ni hali ya kipimo: injini ilikuwa tupu, au ilikuwa na vifaa vyake vyote kama inavyokaa ndani ya gari. Watu wengi hubishana kuhusu swali la kwanza, ilhali la pili ndilo lenye uzito.

Farasi wawili wasiolingana

Nguvu, kwa maana ya kifizikia, ni kazi inayofanyika katika muda fulani. Kupandisha gunia la kilo 75 hadi urefu wa mita moja ni kazi ileile, ipandishwe kwa sekunde moja au kwa dakika nzima. Anayelipandisha kwa sekunde moja ametumia nguvu mara 60 ya yule aliyechukua dakika.

Farasi aliingia katika hesabu hii kupitia kwa James Watt, mhandisi wa Kiskoti aliyeuza injini za mvuke mwishoni mwa karne ya 18. Wateja wake walikuwa na vinu na mashine zilizozungushwa na farasi, na walitaka kujua injini moja itachukua nafasi ya farasi wangapi. Watt alikadiria kwamba farasi mmoja anaweza kupandisha ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika, sawa na ratili 550 kwa futi moja kila sekunde. Makadirio hayo ndiyo hadi leo yanayoitwa hp katika nchi zilizofuata vipimo vya Kiingereza.

Nchi za Ulaya bara zilipohamia kwenye kilo na mita, zilihitaji farasi anayeingia katika mfumo huo. Farasi wa Watt akigeuzwa kuwa kilo na mita, anapandisha takribani kilo 76.04 kwa mita moja katika sekunde moja. Namba hiyo ni mbaya kwa hesabu, hivyo ikapunguzwa na kuwa 75 kamili. Farasi wa kimetriki akazaliwa akiwa mdogo kidogo kuliko wa Kiingereza: watu wa Ulaya walitaka namba nzima, na tofauti hiyo ndogo ndiyo gharama yake.

Wajerumani humwandika PS, na Wajapani wanaiga herufi hizohizo katika katalogi zao. Waitaliano na Wahispania huandika CV, na Wafaransa huandika ch. Herufi zinatofautiana lakini kizio ni kimoja. Kwa wati, farasi wa kimetriki ni wati 735.5, na wa Kiingereza ni wati 745.7. Tofauti yao ni asilimia 1.4 tu. Kwenye gari la kawaida, hiyo ni farasi mmoja au wawili, na hakuna dereva anayeweza kuwahisi akiwa nyuma ya usukani.

Tofauti hiyo huonekana pale tu namba zinapokuwa kubwa, au muuzaji anapotaka kuvuka idadi inayopendeza macho. Bugatti Veyron, gari lililotengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 2005, lilitangazwa kuwa na PS 1001. Kwa farasi wa Kiingereza nguvu hiyo ni 987. Gari hilo limevuka 1000 kwa kizio kimoja, na kwa kingine halijavuka.

Kilowati haina farasi

Wati limepewa jina la Watt mwenyewe. Pendekezo hilo lilitolewa mwaka 1882 na mhandisi William Siemens, na mwaka 1960 wati likawa kizio rasmi cha nguvu katika mfumo wa kimataifa wa vipimo. Kilowati ni wati 1000. Ubora wake ni kwamba haitegemei makadirio ya mnyama wala ratili ya nchi fulani. Kilowati ya Tokyo ni kilowati ya Mombasa, iwe ya petroli, ya dizeli au ya umeme.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2010 farasi haruhusiwi kusimama peke yake kama kipimo rasmi. Anaweza kuongezwa pembeni tu, na kilowati lazima iwepo. Ndiyo maana vitabu vya magari ya Ulaya huanza na kW na kumweka farasi baada yake. Katalogi za Japani nazo hufuata mpangilio huohuo.

Kubadilisha kizio kimoja kuwa kingine hakuhitaji zaidi ya kikokotoo cha simu:

```
PS = kW × 1.36
hp = kW × 1.341
kW = PS × 0.7355
kW = hp × 0.7457
```

Kilowati 80 zikizidishwa kwa 1.36 zinatoa 108.8, ambayo huandikwa 109 PS. Zikizidishwa kwa 1.341 zinatoa 107.3. Namba tatu za Toyota zilizotajwa mwanzoni zimepatikana hivyo.

Yapo makosa mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kubadilisha mara mbili: mtu huchukua PS akidhani ni hp, akaigeuza kuwa kilowati, kisha akairudisha tena kuwa farasi, na kila hatua ikaongeza kosa lake. Iliyo salama ni kuanzia kwenye kilowati kila mara. La pili ni kuichanganya CV ya nguvu na CV ya kodi. Ufaransa ilikuwa na desturi ya kuyapanga magari katika madaraja ya kodi yaliyoitwa kwa jina la farasi, na Citroën 2CV ya mwaka 1948 ilipata jina lake kutokana na daraja hilo. Injini yake ya sentimita za ujazo 375 ilikuwa na nguvu farasi tisa, si mbili. CV ya kodi ni namba ya ofisi ya mapato na haisemi gari lina nguvu kiasi gani.

Breki iliyoingia katika jina

Herufi b katika bhp husimama badala ya breki, na wengi hudhani kwamba ina uhusiano na breki za kusimamisha gari. Hapana. Breki hiyo ni chombo cha kupimia. Mwaka 1821 mhandisi wa Kifaransa Gaspard de Prony alibuni njia ya kupima nguvu ya shafti inayozunguka. Vipande viwili vya mbao hubanwa kwenye shafti kwa bolti, na kwenye mbao hizo kuna mkono mrefu. Injini inapozungusha shafti, msuguano hutaka kuuburuta mkono uzunguke pamoja nayo. Mkono huzuiwa na mizani mwishoni mwake. Kadiri bolti zinavyokazwa ndivyo mizani inavyosoma uzito mkubwa zaidi, hadi injini ifikie kasi inayotakiwa ikiwa imefunguliwa mafuta yote.

Kinachosomwa kwenye mizani ni nguvu ya kuzungusha. Ikijulikana pamoja na kasi ya mizunguko, nguvu ya injini hupatikana kwa hesabu moja:

```
kW = Nm × rpm ÷ 9549
```

Tuchukulie mkono wa mita moja kamili, na injini inazunguka mara 6000 kwa dakika. Mizani ikisoma kilo 13, kani yake ni niutoni 127.5, na kwa kuwa mkono ni mita moja, nguvu ya kuzungusha ni Nm 127.5. Ikizidishwa kwa 6000 na kugawanywa kwa 9549, jibu ni kilowati 80.1. Hiyo ndiyo injini ya 1NZ-FE, ambayo nguvu yake ya juu hutajwa kwenye mizunguko 6000. Injini inayoweza kulisukuma gari lenye abiria watano kupanda mlima ingeweza kuzuiwa na mzigo wa kilo 13 kwenye mkono wa mita moja. Nguvu yake haitoki kwenye kani kubwa, inatoka kwenye kasi ya mzunguko. Giaboksi ndiyo inayopunguza kasi hiyo na kuigeuza kuwa kani kwenye magurudumu.

Mbao za Prony zilikuwa zinaungua. Mashine za siku hizi, zinazoitwa dainamomita, hushika shafti kwa maji au kwa sumaku ya umeme, na joto huondolewa na maji yanayopita ndani yake. Lakini kanuni haijabadilika: shika shafti, soma mizani, hesabu mizunguko.

Jina la breki lilihitajika kwa sababu wahandisi wa mvuke walikuwa na namba nyingine. Walipima mgandamizo wa mvuke ndani ya silinda, wakakokotoa nguvu inayoisukuma pistoni. Namba hiyo daima ni kubwa, kwa sababu haijaondoa msuguano wa pistoni, beringi na shafti. Farasi wa breki ndiye anayebaki baada ya msuguano huo kutolewa, yule anayefika mwishoni mwa shafti na kuweza kufanya kazi.

Basi bhp si kizio cha tatu. Kwa ukubwa ni farasi wa Kiingereza wa wati 745.7, na b inasema tu kwamba alipimwa kwenye shafti ya injini. PS ya katalogi nayo hupimwa kwenye shafti kwa dainamomita. Wajerumani na Wajapani hawakuona haja ya kuongeza herufi. Yapo pia madai yanayosikika kwenye magereji, kwamba bhp ni nguvu ya injini bila alteneta na vifaa vingine, na hp ni nguvu ikiwa navyo. Madai hayo si sahihi. Breki inaweza kushika injini tupu, na inaweza kushika injini yenye kila kitu. Herufi b haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Nguvu ghafi na nguvu halisi

Hapo ndipo swali la pili linapoanza. Tofauti kati ya nguvu ghafi na nguvu halisi ni kama ile ya mshahara kabla na baada ya makato. Injini inayowekwa kwenye benchi la maabara inaweza kuvuliwa feni, alteneta isiyochaji chochote, chujio la hewa na ekzosi yenye sailensa, ikabaki na vile tu inavyovihitaji ili iwake na isikwame. Namba inayopatikana ni nguvu ghafi. Injini hiyohiyo ikivishwa vifaa hivyo kama ilivyo ndani ya gari, kila kimoja huchukua sehemu yake. Feni husukuma hewa, alteneta huchaji betri, chujio huibana hewa inayoingia, na sailensa huubana moshi unaotoka. Kinachobaki ni nguvu halisi.

Hadi mwaka 1971 watengenezaji wa Marekani walitangaza nguvu ghafi, kwa taratibu za chama cha wahandisi wa magari kinachojulikana kwa herufi SAE. Injini ilipimwa ikiwa na mabomba ya moshi ya maabara yasiyo na sailensa, na wakati wa kuwasha cheche ukarekebishwa mpaka ipatikane namba kubwa kabisa. Ujerumani, kwa upande wake, ilifuata kiwango cha DIN 70020 kilichotaka injini iwe na vifaa vyake. Matokeo yake ni kwamba Volkswagen ya injini ya lita 1.2, ile ya umbo la kobe, mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliandikwa PS 34 Ujerumani na farasi 40 Marekani. Kama tofauti ingekuwa ya kizio peke yake, namba ya Marekani ingekuwa ndogo kuliko ya Ujerumani, kwa kuwa farasi wa Kiingereza ni mkubwa zaidi. PS 34 ni hp 33.5. Farasi sita na nusu wa ziada walitokana na namna ya kupima.

Kisa cha Cadillac kinaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Injini ya lita 8.2 ilitoka mwaka 1970 kwenye gari la Eldorado, ikitangazwa kwa farasi 400 ghafi. Mwaka 1971 kampuni mama, General Motors, iliamua injini zake zote ziweze kutumia petroli ya daraja la chini yenye risasi kidogo au isiyo na risasi. Ili injini isigonge kwa petroli hiyo, mgandamizo ndani ya silinda ulipunguzwa kutoka karibu 10 kwa 1 hadi 8.5 kwa 1. Farasi 35 wakapotea, na namba ghafi ikawa 365. Mwaka 1972 kampuni za Marekani zikahamia kwenye nguvu halisi, na injini ikaandikwa 235.

Kwa mnunuzi aliyelinganisha matangazo ya mwaka 1970 na 1972, ilionekana kama injini imepoteza farasi 165 kwa miaka miwili, karibu kilowati 123. Masimulizi mengi ya magari hulaumu sheria za moshi na uhaba wa mafuta. Uhaba wa mafuta hauwezi kuhusika, maana vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vilianza Oktoba 1973. Hesabu yenyewe inasema hivi: kati ya farasi 165, ni 35 tu walioondolewa na mabadiliko ya injini. Waliobaki, 130, hawakuwahi kufika barabarani. Walikuwepo kwenye benchi la maabara na kwenye karatasi ya tangazo.

Namba hiyo ni kubwa kuliko kawaida. Cadillac ilipoteza asilimia 36 kati ya ghafi na halisi kwa sababu injini yake ilikuwa kubwa mno, na ekzosi yake ilitengenezwa kwa ajili ya ukimya. Volkswagen ndogo ilipoteza takribani asilimia 16. Kwa hiyo hakuna kipeo kimoja cha kugeuza nguvu ghafi kuwa halisi. Kila injini ina makato yake, na njia pekee ya kuyajua ni kuipima.

Japani nayo ilitumia namba ghafi kwa muda mrefu, na ikahamia kwenye halisi katikati ya miaka ya 1980. Gari la Kijapani la zamani kuliko hapo likilinganishwa na la baada yake, PS zao si za aina moja ingawa herufi ni zilezile.

Hata halisi ina mianya

Kiwango cha nguvu halisi cha SAE huitwa J1349. Kwa miaka mingi kiliacha mambo kadhaa mikononi mwa mtengenezaji, kama vile aina ya mafuta ya kupimia na mzigo wa pampu ya usukani. Mwaka 2004 kiwango hicho kilikazwa, na magari yakaanza kupimwa upya. Toyota Camry ya silinda sita ya lita 3.0, iliyokuwa ikiuzwa Marekani kwa farasi 210, ilishushwa hadi 190. Injini haikuguswa. Hao farasi 20 waliondoka kwa kufungwa mwanya wa kipimo peke yake, na hiyo ni karibu mara saba ya tofauti iliyopo kati ya PS na hp kwa injini ya ukubwa huo.

Jambo jingine lisiloonekana kwenye katalogi ni hewa. Viwango vya siku hizi hurekebisha matokeo yafanane na hali ya nyuzijoto 25 na mgandamizo wa hewa wa karibu na usawa wa bahari. Dar es Salaam na Mombasa hazitofautiani sana na hali hiyo, isipokuwa joto na unyevu. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ni habari nyingine. Huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa takribani sita moja, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kilowati 80 za katalogi zinakuwa karibu 66. Gari halijaharibika, na fundi anayelaumu plagi au pampu ya mafuta kabla ya kukumbuka mwinuko anaweza kubadilisha vipuri vizima bure. Injini yenye tabo huumia pale tu tabo yake inaposhindwa kuijaza hewa inayokosekana. Ikiweza, hasara hupungua sana.

Mashine ndogo, makosa makubwa

Kwenye gari la kawaida mtu akikosea farasi kumi hadhuriki sana. Kwenye pampu ya umwagiliaji, jenereta au mashine ya kusaga, kosa hilo huunguza injini. Na ni huko kwenye mashine ndogo ambako namba ghafi zilidumu kwa muda mrefu zaidi.

Mfano unaojulikana ni injini ya Honda GX160 ya sentimita za ujazo 163, ambayo pamoja na nakala zake nyingi huendesha pampu za maji na mashine za ujenzi kila mahali. Kwa miaka mingi ilijulikana kama injini ya farasi 5.5, na nakala zake bado hubandikwa namba hiyo. Leo Honda yenyewe huitaja kwa nguvu halisi ya kilowati 3.6, yaani farasi 4.8, kwenye mizunguko 3600. Kisha kuna namba ya tatu: kwa kazi ya mfululizo, kampuni hushauri isizidishwe takribani kilowati 2.9, karibu farasi 3.9.

Mkulima anayenunua kichwa cha pampu kinachohitaji kilowati 4 atapiga hesabu kwamba farasi 5.5 ni kilowati 4.1, hivyo injini inatosha. Atakapoifunga, injini itakuwa imefunguliwa mafuta yote tangu asubuhi, mizunguko haifiki inapotakiwa, moshi mzito unatoka na kichwa cha silinda kinachemka. Hizo ndizo dalili za injini inayodaiwa nguvu isiyokuwa nayo. Injini hiyo inafaa pampu inayohitaji chini ya kilowati 3.

Malalamiko ya aina hii yalifika mahakamani Marekani, ambako wanunuzi wa mashine za kukatia nyasi waliwashitaki watengenezaji kadhaa wakidai nguvu farasi zilizobandikwa zilizidi uhalisia. Mwaka 2010 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 65. Tangu hapo mashine nyingi za aina hiyo huuzwa kwa ujazo wa silinda au kwa nguvu ya kuzungusha, na farasi hawatajwi tena.

Mota za umeme zina utaratibu ulionyooka zaidi. Kibati cha mota ya mashine ya kusaga kilichoandikwa 11 kW, au hp 15, hutaja nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Mota yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta karibu kilowati 12.2 ili itoe 11, na tofauti hugeuka joto. Anayepanga waya au jenereta ya mota hiyo lazima ahesabu kile kinachoingia, na aongeze nafasi kwa ajili ya umeme mwingi inaovuta wakati wa kuwaka.

Kusoma namba kwenye kibati

Namba ya nguvu hukamilika inapokuwa na mambo manne: kiasi, kizio, mizunguko ambayo nguvu hiyo ilipatikana, na kiwango kilichofuatwa. Maandishi kama "3.6 kW, 3600 rpm, SAE J1349" yanajitosheleza. J1349, ISO 1585, DIN 70020 na ECE R85 ni viwango vya nguvu halisi; SAE J1995 ni cha nguvu ghafi. Kibati kinachosema "5.5 HP" na kunyamaza kichukuliwe kuwa ghafi mpaka muuzaji aonyeshe karatasi inayosema vingine.

Baada ya hapo kila namba igeuzwe kuwa kilowati, halisi zilinganishwe na halisi, na zile za kazi ya mfululizo ndizo zitumike kwa mashine itakayofanya kazi kutwa. Anayenunua injini kwa ajili ya nyanda za juu apunguze takribani asilimia moja kwa kila mita 100 za mwinuko ikiwa haina tabo. Kubishana kama farasi ni wati 735 au 745 kunaweza kusubiri. Makato ya kipimo yanaweza kufika theluthi ya namba nzima, na hayo ndiyo ya kuulizia kabla ya kutoa pesa.